Rejesho Moja, Sehemu Mbili: Kwa Nini Deni Hupungua Polepole Mwanzoni

Mada iliyotolewa katika mafunzo ya wajumbe wa kamati za mikopo na wanachama wa vyama vya ushirika wa akiba na mikopo



Yapo malalamiko ambayo hujirudia katika dirisha la mikopo, na chanzo chake mara nyingi si wizi wala uzembe, bali ni hesabu ambayo haikuelezwa siku ya kusaini mkataba. Ichukuliwe, kwa mfano, hali ya mwanachama aliyekopa shilingi 3,600,000 ili kununua mashine ya kusaga nafaka. Mkopo ni wa miezi 36, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio la deni, na rejesho la kila mwezi ni shilingi 130,149. Mwanachama huyo hulipa bila kukosa kwa mwaka mzima. Baada ya mavuno mazuri huja ofisini na fedha mkononi, akitaka kumaliza deni na kuipumzisha dhamana yake.

Njiani amekwisha kupiga hesabu. Milioni tatu na laki sita kwa miezi 36 ni laki moja kwa mwezi. Miezi 12 imepita, kwa hiyo milioni moja na laki mbili zimelipwa na milioni mbili na laki nne zimebaki. Karani hufungua leja na kumtajia salio: takribani shilingi 2,607,000. Tofauti ni zaidi ya laki mbili. Mwanachama hutoka akiamini kwamba amedhulumiwa, na kesho yake habari imefika sokoni. Je, amedhulumiwa kweli? Jibu linapatikana kwa kufuata shilingi zake mwezi baada ya mwezi.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba riba ya salio ni kodi ya fedha ambayo mkopaji bado anayo mikononi mwake. Hailipwi juu ya fedha iliyokwisha kurudishwa. Katika mwezi wa kwanza mwanachama alikuwa na mkopo wote, yaani shilingi 3,600,000. Asilimia 1.5 ya kiasi hicho ni shilingi 54,000. Alipoleta rejesho lake la 130,149, chama kilitoa kwanza hiyo 54,000 kuwa riba, na kilichosalia, shilingi 76,149, ndicho kilichopunguza deni la msingi. Deni likashuka hadi shilingi 3,523,851.

Mwezi wa pili riba haikokotolewi tena juu ya milioni tatu na laki sita, bali juu ya salio hilo jipya. Asilimia 1.5 yake ni shilingi 52,858. Rejesho halikubadilika, ni lile lile la 130,149. Kwa hiyo sehemu iliyokwenda kwenye deni la msingi ni shilingi 77,291. Hapa ndipo penye kiini cha mada yote. Riba imepungua kwa shilingi 1,142, na sehemu ya deni la msingi imeongezeka kwa shilingi 1,142 zile zile. Hakuna aliyezitoa mfukoni zaidi; zimehama tu kutoka upande mmoja wa rejesho kwenda upande wa pili. Mwezi wa tatu riba ni 51,698 na deni la msingi hupunguzwa kwa 78,451. Baada ya marejesho matatu, salio ni shilingi 3,368,109.

Mwendo huo hauna siri. Kila sehemu ya deni la msingi ni kubwa kuliko ile iliyoitangulia kwa asilimia 1.5, yaani kwa kiwango kile kile cha riba. Mwanzoni ongezeko ni dogo na halionekani kwa macho, lakini halikomi. Katika rejesho la 13 riba imeshuka hadi shilingi 39,104, na zaidi ya shilingi 91,000 zinakwenda kwenye deni la msingi. Katika rejesho la mwisho kabisa riba haifiki hata shilingi 2,000, na karibu fedha yote inafuta deni.

Sasa arudiwe yule mwanachama wa mashine. Kwa miezi 12 ametoa jumla ya shilingi 1,561,788. Kati ya hizo, takribani 568,700 zilikuwa riba, na takribani 993,000 zilipunguza deni la msingi. Amemaliza theluthi ya muda, lakini amerudisha asilimia 27.6 tu ya mkopo. Akiendelea hadi nusu ya muda, yaani rejesho la 18, atakuwa amerudisha asilimia 43.3. Nusu ya mkopo huvukwa katika rejesho la 21. Baada ya rejesho la 24, ambalo ni theluthi mbili ya muda, asilimia 60.6 zitakuwa zimerudi. Mwisho wa yote, hesabu hufungwa sawasawa mwezi wa 36. Kwa hiyo karani hakumdhulumu. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba muda na deni hutembea kwa mwendo mmoja.

Wengi hupata dhana hiyo kwa sababu inayoeleweka. Mikopo ya halmashauri inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, haina riba. Katika mkopo wa namna hiyo kila shilingi ya rejesho hupunguza deni la msingi, na theluthi ya marejesho ni theluthi ya deni. Mwanakikundi aliyezoea hesabu hiyo akienda kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo, huichukua na kuipeleka mahali ambapo haifanyi kazi.

Hata hivyo, ipo namna nyingine ya kutoza riba inayopaswa kutambuliwa mapema, kwa maana sura yake huvutia. Ni riba inayokokotolewa juu ya mkopo wa awali kila mwezi, hata kama deni limekwisha kupungua. Kwa mkopo ule ule na kiwango kile kile cha asilimia 1.5, riba ni shilingi 54,000 mwezi wa kwanza, 54,000 mwezi wa 12, na 54,000 mwezi wa 36. Rejesho ni shilingi 154,000, ambapo laki moja kamili hupunguza deni. Baada ya mwaka, salio ni shilingi 2,400,000, kama alivyotarajia yule mwanachama. Mtu anaweza kusema kwamba hii ndiyo njia ya haki. Lakini aangalie alichokitoa: shilingi 1,848,000 kwa mwaka, badala ya 1,561,788. Ametoa zaidi ya shilingi 286,000 za ziada ili salio lake liwe dogo kwa takribani 207,000. Hadi mwisho wa mkopo, njia hii humgharimu riba ya shilingi 1,944,000, na ile ya salio humgharimu takribani 1,085,000. Viwango viwili vinavyoandikwa kwa tarakimu ile ile havina uzito mmoja. Ndiyo maana swali la kwanza la mkopaji halipaswi kuwa riba ni asilimia ngapi, bali ni asilimia ya nini: ya salio, au ya mkopo wa awali?

Mwanachama anaweza kuikagua ratiba yake ya marejesho bila kuwa mhasibu. Achukue salio la mwezi uliopita, alizidishe kwa 1.5 na kugawa kwa 100, kisha alinganishe jibu na riba iliyoandikwa mwezi huu. Atoe riba hiyo katika rejesho alilolipa. Kinachobaki lazima kiwe ndicho kilichopunguza salio. Akifanya hivyo kwa miezi mitatu mfululizo, ukweli utajitokeza. Ikiwa safu ya riba inasoma 54,000 mwezi wa pili na wa tatu, hiyo si riba ya salio, na mkataba unapaswa kusema hivyo waziwazi. Ikiwa mkataba unasema riba ni ya salio na leja inasoma vingine, hapo ndipo malalamiko yana msingi, nayo yapelekwe kwa maandishi kwenye kamati ya usimamizi.

Ratiba hiyo, hata hivyo, inasema kweli kwa anayelipa kamili na kwa wakati. Iwapo mwezi wa tatu mwanachama ataleta shilingi 40,000 tu, kiasi hicho hakitoshi hata riba ya 51,698. Deni la msingi litabaki pale pale kwenye shilingi 3,446,560, riba ya shilingi 11,698 itabaki ikidaiwa, na mwezi wa nne riba itahesabiwa upya juu ya salio ambalo halikuteremka. Hapo mtu hulipa bila deni kusogea, na hushangaa baadaye. Adhabu ya kuchelewa, kama ipo katika mkataba, huongezwa juu ya hayo.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho kina faida kwa aliyepata fedha mapema. Mwanachama akilipa rejesho la kwanza na kuongeza hapo hapo shilingi 77,291 za kupunguza deni la msingi, salio lake hushuka hadi 3,446,560, ambalo ni salio la mwisho wa mwezi wa pili. Ameruka rejesho zima, na riba ya shilingi 52,858 iliyokuwa inamsubiri haitalipwa kamwe. Akiendelea kulipa 130,149 kila mwezi, mkopo utaisha mwezi mmoja kabla. Nyongeza hiyo hiyo ikiletwa karibu na mwisho huokoa riba kidogo sana, kwa kuwa riba yenyewe imebaki kidogo. Tahadhari ni moja: stakabadhi iandikwe kwamba fedha ni ya kupunguza deni la msingi. Ikipokelewa kama malipo ya awali ya rejesho lijalo, italala hapo ikisubiri tarehe, na riba haitapungua.

Basi, kwa yule mwenye mashine ya kusaga, habari haikuwa mbaya kama alivyodhani. Akilipa zile shilingi 2,607,000 leo, atakwepa riba ya takribani shilingi 516,600 iliyokuwa imebaki katika miezi 24 ijayo, ilimradi mkataba wake hauna ada ya kumaliza mkopo mapema. Kamati ya mikopo inaweza kuwakinga wengine na mshtuko wake kwa jambo moja: kila mkopaji aondoke na ratiba yake iliyochapishwa yenye safu nne, yaani rejesho, riba, deni la msingi na salio, na asomewe mistari mitatu ya kwanza kabla hajaweka saini.