Kumpima Muuzaji: Mauzo Peke Yake Hayatoshi



Tuchukue mfano wa wauzaji wawili wa taa za sola, Kinole na Mgeta, kila mmoja akiwa na lengo la taa 40. Tunagawa alama 100: mauzo 50, wateja 30, mwenendo 20.

Wa kwanza ameuza 48, anapata zote 50. Lakini kati ya wateja 10 tunaowatembelea, 4 tu wameridhika: alama 12. Stakabadhi zake zina mapengo: alama 5. Jumla 67.

Wa pili ameuza 32: alama 40. Wateja 9 wameridhika: 27. Fedha amewasilisha kwa wakati: 18. Jumla 85.

Wateja wachaguliwe na kamati kutoka kitabu cha stakabadhi. Muuzaji akiwachagua mwenyewe, tutasikia sifa za marafiki zake.