Bima ya harusi: inalipa nini, inaacha nini

Chukua mfano wa familia ya Sengerema iliyolipa malipo ya awali ya shilingi milioni 6: ukumbi, chakula, mapambo na muziki. Siku 3 kabla ya sherehe, baba wa bwana harusi anafariki ghafla na harusi inaahirishwa. Mwenye ukumbi anarudisha milioni 1. Bima ya kuahirishwa kwa tukio huangalia milioni 5 zilizopotea. Kama mkataba unamtaka mteja abebe asilimia 10, familia italipwa milioni 4 na nusu, ikiwa na risiti na cheti cha kifo.

Lakini ikiwa mzee huyo alishalazwa kwa ugonjwa uliomuua kabla ya bima kukatwa, na familia haikusema, dai linaweza kukataliwa.

Michango isiyotimia hailipwi. Ahadi kwenye daftari la kamati si hasara mbele ya bima, wala wachumba kubadili mawazo. Mvua ya kawaida, vurugu za kisiasa na magonjwa ya mlipuko navyo huachwa nje mara nyingi, mpaka kipengele chake kinunuliwe mapema. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalipofutwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, waandaaji walilipwa kwa kuwa walikuwa na kipengele hicho tangu zamani.

Kamati za harusi, ombeni hati nzima ya bima, someni ukurasa wa yasiyolipwa kwanza, na hakikisheni wakala amesajiliwa na TIRA kabla hamjatoa fedha.