Barua kwa Bodi ya Shule Kuhusu Choo Kibovu

  Leo sitazungumzia dawa wala chanjo. Tutazungumza juu ya barua, kwa hivyo tafuta kalamu na karatasi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mama mmoja alinijia zahanatini na binti yake wa Gredi ya 2. Mtoto alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na ilikuwa mara ya pili katika muda wa miezi mitatu. Nilimuuliza mtoto anakunywa maji mara ngapi akiwa shuleni. Akanijibu, "Sinywi, kwa sababu nikinywa nitaenda choo, na choo kinatikisika."

Mtoto anayejinyima maji na kubana mkojo tangu asubuhi hadi saa tisa huwapa vijidudu nafasi ya kuzaana kwenye kibofu. Wengine hubana choo kikubwa pia, wakafunga choo na kuumwa na tumbo. Mtoto huyo nilimpa dawa, lakini nilijua dawa haitatosha kama kile choo kitabaki vile kilivyokuwa. Nikamwambia mama yake aiandikie bodi ya shule.

Kabla ya kuandika, nenda ukaone. Ripoti ofisini kwanza, uombe ruhusa, na ikiwezekana uende na mzazi mwenzako. Simama mlangoni, usikanyage sakafu unayoishuku. Tazama kama kuna ufa unaozunguka tundu au unaopita kutoka ukuta hadi ukuta. Tazama kama sakafu imebonyea katikati, kama imeachana na ukuta, na kama udongo wa nje umedidimia karibu na msingi. Ikiwa sakafu imeshikiliwa na magogo, tafuta njia za mchwa na unga wa mbao. Ukiona dalili hizo, usingoje mvua ikuthibitishie. Shimo ambalo halikujengewa kwa mawe au matofali hulainika kingo zake udongo ukilowa, nayo sakafu hubaki haina pa kuegemea. Mvua za masika za 2024 zilikuwa kubwa hata ufunguzi wa shule nchini ukasogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, na vyoo vilivyoharibiwa na maji ni sehemu ya sababu hiyo.

Kisha hesabu. Mama huyu alikuta matundu sita upande wa wasichana. Mawili yalikuwa na sakafu yenye ufa na iliyobonyea. Shule ina wasichana 168. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 30. Ukigawa 168 kwa 25 unapata saba kwa kukadiria juu. Kwa hiyo shule ilikuwa imepungukiwa na tundu moja hata kabla ya ubovu. Na yale mawili yakifungwa, yanabaki manne, yaani wasichana 42 kwa kila tundu.

Hapo ndipo penye ugumu, mama. Bodi ikifunga vyoo vibovu bila mpango mwingine, foleni itarefuka, kengele italia kabla ya wote kuingia, na wadogo watakwenda kichakani. Kwa sababu hiyo barua nzuri huomba mambo mawili yenye tarehe mbili: la dharura siku chache zijazo, na la kudumu baadaye.

Barua inakwenda kwa nani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliipa kila shule ya umma Bodi ya Usimamizi. Kifungu cha 59 kinaipa bodi hiyo jukumu la kuhakikisha shule ina majengo na vifaa vinavyofaa. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Kwa hiyo unamwandikia mwenyekiti, kupitia kwa mwalimu mkuu. Usimruke mwalimu mkuu, maana yeye ndiye atakayeiweka barua kwenye ajenda. Lakini kama choo kibovu ni cha watoto wa chekechea, mpelekee nakala afisa wa elimu wa kaunti, kwa sababu tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko chini ya serikali ya kaunti.

Sasa sikiliza barua yenyewe. Nimeondoa majina tu.

Februari 10, 2025.

Kwa Mwenyekiti, Bodi ya Usimamizi, kupitia kwa Mwalimu Mkuu.

KUH: VYOO VIWILI VYA HATARI UPANDE WA WASICHANA

Sisi wazazi tuliotia sahihi hapa chini tulitembelea vyoo vya wasichana Ijumaa, Februari 7, 2025, kwa ruhusa ya ofisi. Vyoo ni sita. Katika choo cha tatu na cha nne kutoka langoni, sakafu ina ufa unaozunguka tundu na imebonyea katikati. Nyuma ya vyoo hivyo udongo umedidimia kando ya msingi. Tunahofia sakafu itaanguka mvua za Machi zikianza. Baadhi ya watoto wanaogopa kuvitumia na wanabana mkojo kutwa nzima.

Tunaomba kwanza, kabla ya Jumatatu, Februari 17, 2025, vyoo hivyo viwili vifungwe kwa mbao na misumari, na eneo la nyuma lizungushiwe uzio. Katika kipindi hicho tunaomba wasichana wa madarasa ya chini watoke mapumziko dakika 15 kabla ya wengine, na waruhusiwe kutumia choo kimoja cha walimu.

Tunaomba pili, kabla ya Jumatatu, Aprili 28, 2025, siku ya kufungua muhula wa pili, shimo jipya liwe limechimbwa na vyoo visivyopungua vitatu viwe tayari kutumika, ili wasichana 168 wapate matundu saba yanayohitajika.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Februari 24, 2025, likitueleza bodi imeamua nini. Wazazi wako tayari kutoa mawe na mchanga tukiambiwa kiasi kinachohitajika.

Wako waaminifu.

Mwisho wa barua.

Umesikia jinsi ilivyo fupi? Haikutaja ada, chakula wala mwalimu anayechelewa. Ukichanganya malalamiko matano, bodi itajibu lile lililo rahisi na kuliacha lile la choo. Haikumlaumu mtu. Haikutaja jina la mtoto mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa wa mtoto ni siri yake, na mama hakutaka binti yake anyooshewe vidole. Sahihi zilikuwa tisa, ndiyo maana haikuonekana ni barua ya mama mmoja msumbufu.

Tazama pia jinsi tarehe zilivyochaguliwa. Kufunga choo kunahitaji mbao na misumari, kwa hiyo wiki moja inatosha. Kuchimba shimo na kujenga kunahitaji fedha, fundi, na saruji ya sakafu kukauka, kwa hiyo wiki moja ni ndoto. Likizo ya Aprili iliwapa nafasi ya kumalizia kazi watoto wakiwa nyumbani. Ukiomba jambo lisilowezekana, unawapa sababu ya kuiweka barua kando. Na ukiandika "haraka iwezekanavyo", hutajua lini wamechelewa.

Toa nakala mbili. Moja iache ofisini, na nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uihifadhi nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Wapo wazazi waliolalamika kwa mdomo miaka miwili mfululizo katika mikutano, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Mpelekee nakala pia mmoja wa wawakilishi wa wazazi walio ndani ya bodi, ili awepo mtu wa kuuliza barua imefika wapi.

Je, ikawaje? Siku ya nne vyoo viwili vilifungwa kwa mbao. Dakika 15 za mapumziko zikakubaliwa, ila choo cha walimu kilikataliwa. Februari 24 ikapita bila jibu la maandishi. Siku iliyofuata mama akaandika barua ya pili, ya mistari sita tu. Alitaja tarehe ya barua ya kwanza, akashukuru kwa lililofanyika, akaeleza lililobaki, kisha akaweka chini nakala mbili: kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo, na kwa Afisa wa Afya ya Umma.

Huyo afisa wa afya ya umma ni muhimu, mama. Sheria ya Afya ya Umma inampa mamlaka ya kukagua choo kinachohatarisha afya, na kutoa ilani ya maandishi kwa wahusika ili wakirekebishe katika muda uliowekwa. Unaweza kumpata kupitia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Alikuja baada ya siku tisa. Alipokagua aligundua jambo ambalo wazazi hawakuliona: mahali palipopangwa kuchimbwa shimo jipya palikuwa karibu mno na kisima cha shule. Kiwango cha usalama wa shule kinataka choo cha shimo kiwe mita 15 au zaidi kutoka kwenye kisima, na kina chake kisipungue mita 6. Shimo likahamishiwa upande wa chini wa uwanja.

Vyoo vitatu vipya vilifunguliwa katikati ya Mei. Walichelewa zaidi ya wiki mbili, na tangi la maji ya kunawa mikono halikuwepo. Hadi leo watoto wananawa kwa mtungi wenye bomba uliotolewa na wazazi. Barua haikuleta kila kitu. Lakini mvua ilipoanza, hakuna mtoto aliyekuwa amesimama juu ya ile sakafu. Mwezi wa Juni moja ya zile sakafu za zamani ilianguka usiku, ikiwa bado imefungwa kwa mbao.

Nitamaliza na swali ambalo akina mama huniuliza sana: nikiandika, je, mtoto wangu hataonewa? Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Andikeni mkiwa wengi, mpangeni sahihi zenu katika duara ili asionekane aliyetangulia, na mtoto wako asiibebe hiyo barua. Ipeleke wewe mwenyewe.

Jioni ya leo, kabla hujamuuliza mtoto kuhusu kazi ya ziada, muulize hivi: "Leo shuleni umeenda choo mara ngapi?" Akisema hajaenda hata mara moja, muulize kwa nini, kisha umsikilize hadi amalize.