Mwaliko wa Mazungumzo ya Kuagana

Tuseme karani wa duka la dawa Kaaleng, anayelipwa kwa mwezi, ameandika barua ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28, labda mkataba useme zaidi. Mwite kwa mazungumzo ya kuagana katikati ya siku hizo, sio asubuhi anayofunga mizigo kwenda Lodwar. Mwaliko usomeke hivi:

“Dada, asante kwa miaka 3 uliyotuhudumia. Tungependa kusikia uliyoyaona kazini. Ni mazungumzo ya nusu saa, Jumanne au Alhamisi, chagua wewe, hata kwa simu. Si lazima uje, na ukikataa hakitaharibika kitu.”

Usiandike “tueleze kwa nini unatuacha”. Hapo umeshamshtaki. Aliyemsimamia kila siku asiwe mhojaji, maana huenda ndiye sababu ya safari. Na usimfungie cheti cha utumishi mpaka aje: kifungu cha 51 kinampa haki hiyo, azungumze asizungumze. Akijibu “kila kitu sawa” kwa kila swali, huenda ana hofu. Mwache aende kwa amani.