Mintarafu ya Kukadiria Rangi ya Kuta za Chumba



Hesabu ya rangi aghalabu hufundishwa kana kwamba ugumu wake wote umo katika kutoa milango na madirisha, ilhali kwa rai yangu hapo ndipo palipo pepesi, maana mlango hupimwa kwa futi na jawabu lake halina shaka; pa kutia akili ni pale tunapoligawanya eneo la ukuta kwa ile tarakimu iliyochapwa juu ya kopo, isemayo kwamba lita moja hutosha mita za mraba kadha wa kadha.

Natuchukue chumba cha kulala katika nyumba ya matofali ya saruji, urefu wake mita 4.2, upana mita 3.6, na kimo chake kutoka sakafuni hadi darini mita 2.8. Hakuna haja ya kuupima kila ukuta peke yake: twajumlisha urefu na upana, twazidisha kwa mbili, twapata mzingo wa mita 15.6, nao ukizidishwa kwa kimo hutoa mita za mraba 43.68. Mlango ni mmoja, mita 0.9 kwa 2.1, yaani 1.89, madirisha ni mawili, kila moja mita 1.5 kwa 1.2, yaani 3.6 kwa yote mawili. Basi tukizitoa hizo 5.49, ukuta unaosalia ni 38.19.

Hapo wengi huweka kalamu chini, wakasahau kwamba dirisha hutobolewa katika ukuta wenye unene, na kwamba unene huo uonekanao kwa ndani kuzunguka fremu nao hupakwa rangi. Ukiwa ni sentimita 10 tu, kila dirisha, ambalo mzunguko wake ni mita 5.4, huturudishia 0.54, na eneo letu la haki huwa 39.27. Ama katika nyumba kongwe za mawe za Unguja na Lamu, dirisha la kadiri hiyo hiyo, likiwa na kina cha nusu mita kwa ndani, hurudisha 2.7 ilhali lilitwaa 1.8 pekee, na mwenye kutoa asirudishe, huko ataadhirika.

Tukiazimia kupaka mikono miwili, eneo huwa 78.54, na kopo likiahidi mita za mraba 10 kwa lita, twahitaji lita 7.85, yaani galoni mbili za lita 4 zatosha. Lau tusingalitoa chochote, tungaliambiwa 8.74, tukanunua na kopo la tatu.

Lakini ahadi hiyo ya kopo ni kitu gani hasa? Lita moja ikitandazwa sawasawa juu ya mita za mraba 10 huwa utando wa unene wa milimita 0.1 kabla ya kukauka, wala hakuna siri nyingine: tarakimu ile ni habari ya unene, nayo yasemwa juu ya ukuta laini usiokunywa. Lipu mpya ya saruji hunywa. Mkono wa kwanza ukipata mita 8 tu kwa lita, utachukua lita 4.91, na wa pili, ukipata 10, utachukua 3.93, jumla ni 8.84, na ile faida yote tuliyoipata kwa kutoa matundu imekwisha kumezwa na lipu. Hapo sharti tuongeze kopo la lita moja.

Kiu ya ukuta haijulikani kwa kutazama. Pima nusu lita, ipake kwa rola ile ile utakayoitumia, kisha pima eneo lililofunikwa na ulizidishe kwa mbili: likiwa mita 4, kadiri yako ni 8 kwa lita, hata kopo liseme nini. Wako wanaoitibu kasoro kwa kuongeza maji, na kweli rangi hufika mbali zaidi, ila kilichoongezeka ni maji. Ukuta ukikauka, alama za lipu huonekana kwa nyuma, na mkono wa tatu huwa hauna budi.

Makadirio nayo yasikuzwe hadi kopo zima kwa kila ukuta, bali mara moja tu, mwishoni mwa hesabu. Na makopo yote yawe ya toleo moja la kiwanda, kwa kuwa rangi ya jina moja huweza kutafautiana kidogo. Ikiwa ni dhahiri kwamba rangi haitafika, fundi asimame penye pembe, asiache katikati ya ukuta, kisha achanganye baki na kopo jipya katika ndoo moja kabla ya kuendelea.