Anwani ya Maskati katika Fomu ya Nyumbani: Mwombaji wa Pasipoti Anayeishi kwa Mwajiri



Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ilizinduliwa Januari 31, 2018, na hudumu miaka kumi. Maana yake ni kwamba zile za mwanzo zinaisha mwaka 2028, na wenye nazo ni pamoja na ndugu zetu wengi walioko Oman. Wataingia mtandaoni, watajaza fomu, wataichapa, kisha watafika ubalozini wenyewe, kwa kuwa alama za vidole haziwekwi kwa niaba. Sehemu ya majina na tarehe ya kuzaliwa haiwasumbui. Panapowakwamisha ni kwenye anwani, na hasa kwenye uthibitisho wa makazi.

Nyumbani jambo hili ni jepesi. Unakwenda kwa mtendaji, au kwa sheha ukiwa Zanzibar, unaandikiwa barua ya utambulisho, inapigwa muhuri, basi. Maskati hakuna sheha. Hakuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukujua wewe na mlango wako. Mwombaji inambidi aujenge uthibitisho huo mwenyewe, kwa karatasi mbili tatu zinazoshikana.

Nimechagua kumzungumzia mtu mwenye hali ngumu kuliko wote. Tuseme ni dada kutoka Muheza, mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Al Khuwair. Hana mkataba wa kupanga kwa sababu analala kwa mwajiri. Hana bili ya umeme wala ya maji kwa jina lake. Sanduku la posta analotumia ni la kampuni ya kafili wake. Akiulizwa anaishi wapi, anajibu, “Kwa mudiri, nyuma ya msikiti.” Jibu hilo ni la kweli kabisa, lakini halijazi fomu.

Kabla hajagusa kibodi, mwelezeni kwamba ana anwani tatu. Moja ni ya mahali anapolala. Ya pili ni ya mahali barua inapomfikia. Ya tatu ni ya kwao Muheza. Maombi mengi ninayoyaona yakirudishwa yana kosa la kuweka moja ya hizi kwenye nafasi ya nyingine. Wako wanaoandika mtaa wa Muheza kwenye makazi ya sasa, wakidhani serikali ya nyumbani inataka kusikia habari za nyumbani. Matokeo yake fomu inasema mtu yuko Tanga, huku ikiomba kuhudumiwa ubalozini Maskati. Ofisa anayeisoma ana haki ya kusita.

Sasa tujaze pamoja. Nyumba za Maskati zina namba ya jengo, namba ya njia na namba ya bloku. Namba ya jengo iko kwenye kibao kando ya geti, na namba ya njia iko kwenye kibao cha barabarani, mara nyingi kwenye kona. Mwambieni dada atoke avipige picha vibao vyote viwili kwa simu. Picha hiyo haithibitishi kitu, lakini inamwokoa na kunukuu kwa kubahatisha. Kwa namba za mfano tu, anwani yake itasomeka hivi:

```
Villa 1234, Way 4321, Block 99
Al Khuwair, Bawshar, Muscat, Oman
P.O. Box 000, PC 133
```

Fomu iliyotungwa kwa kufuata mkoa, wilaya, kata na mtaa haikatai mpangilio huu, ila inataka kupangiwa. Muscat ni mkoa, na Bawshar ni wilaya. Al Khuwair ikae pa kata au shehia, na namba ya njia ikae pa mtaa. Mstari wa mwisho ni wa barua tu, kwa sababu Oman posta hupokelewa kwenye sanduku, si mlangoni. Namba ya posta ya huko ina tarakimu tatu, na yetu ina tano. Nafasi ikikataa tarakimu tatu, asijazie sifuri ili ikubali. Kama inaruhusiwa kuachwa wazi, aiache, kisha aandike PC 133 ndani ya mstari wa anwani. Namba ya simu ianze na +968 na kufuatiwa na tarakimu nane, na iwe laini aliyonayo mkononi, si ya rafiki.

Tahajia ya majina ya mahali aifuate ile ya herufi za Kilatini iliyoko kwenye hati zake za Oman. Kama mkataba umeandika Bawshar, asiandike Bausher kwenye fomu. Ofisa hawezi kujua kama ni mahali pamoja au pawili.

Tuje kwenye uthibitisho, ambao ndio kiini cha mada hii. Bataka yake inaonyesha kwamba yuko Oman kihalali. Haimwelezi ofisa kwamba analala katika nyumba ile ya Al Khuwair. Kwa hiyo aombe barua ya mwajiri, yenye tarehe, inayosema kwamba fulani, mwenye pasipoti namba fulani, anaishi nyumbani kwangu kwa anwani fulani, tangu mwezi fulani. Mwajiri aweke sahihi na namba ya simu. Kwenye barua hiyo vibanwe nakala ya kitambulisho cha mwajiri na bili ya umeme ya karibuni ya nyumba hiyo, au mkataba wa kupanga.

Angalieni jinsi karatasi hizi zinavyoshikana. Bili ina jina la mwajiri. Barua ina jina la mwajiri na jina la dada. Mkataba wa kazi una yote mawili pia. Pasipoti ya zamani ina jina la dada. Ofisa anasoma majina akivuka kutoka karatasi moja kwenda nyingine, na akikuta pengo anasimama. Pengo la kawaida ni bili iliyobaki kwa jina la mwenye nyumba, huku mwajiri naye ni mpangaji. Hapo bili peke yake haina kazi. Mkataba wa kupanga unahitajika, kwa kuwa ndani yake wamo mwenye nyumba na mwajiri. Pengo jingine ni la majina ya dada mwenyewe. Pasipoti ina majina matatu na barua ina mawili, pengine na jina la kuitwa nyumbani. Barua iandikwe upya. Isirekebishwe kwa kalamu. Iwapo imeandikwa kwa Kiarabu, aulize ubalozini mapema kama wanataka tafsiri.

Itakuwaje mwajiri akikataa kuandika? Hutokea, na dada asijaribiwe kukodi mkataba wa nyumba ya mtu mwingine. Kutoa taarifa ya uongo ili kupata pasipoti ni kosa chini ya sheria yetu ya pasipoti ya mwaka 2002, na adhabu humwangukia mwombaji. Ajaze makazi yake ya kweli, achukue bataka na mkataba wa kazi, kisha aende ubalozini aeleze kwamba barua imekataliwa. Kiongozi wa jumuiya akimsindikiza anasaidia sana, hasa kwa mtu ambaye ruhusa yake ya kutoka ni ya saa chache.

Anwani ya tatu, ya Muheza, iandikwe kwa ukamilifu: kata, kijiji au mtaa, na namba ya nyumba kama imeshabandikwa. Pamoja nayo huwekwa ndugu wa kuwasiliana naye. Ndugu huyo apigiwe simu siku hiyohiyo na kuambiwa kwamba jina lake limewekwa, dada anaishi wapi na ameomba nini. Akiulizwa na ofisa akajibu kwamba dada yuko Dar es Salaam, maombi yanarudi kwenye mashaka, hata kama karatasi zote za Maskati zimenyooka.

Na dada akihamia kwa mwajiri mwingine kabla pasipoti haijatoka, asijaze fomu mpya. Apeleke ubalozini namba ya maombi yake, barua ya mwajiri mpya na bataka iliyobadilishwa, aombe anwani irekebishwe kwenye maombi yaleyale.