Maji yanayobaki ndani ya mashini ya kuosha vyombo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi za nyumba na za jikoni, Goma)



Wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wageni zenye mashini ya kuosha vyombo. Asubuhi unaifungua: harufu mbaya, na maji machafu chini. Patroni anasema mfanyakazi hasafishi, ama anataka kununua pompu mpya. Mara nyingi pompu iko nzima. Kosa liko kwenye tiyo.

Tuchukue nyumba moja ya Himbi. Jioni mashini imemaliza kazi, chini mukakavu. Kisha mupishi anaosha sufuria kwenye evie. Asubuhi, maji ya mafuta yamo ndani ya mashini. Yametoka wapi? Tiyo ya kutoa maji imelala chini kwenye sima, halafu imeungwa kwenye sifo ya evie. Maji ya evie yakikawia kushuka, yanafuata njia ya chini na kuingia kwenye mashini.

Jaribu hivi. Kausha sehemu ya chini ya mashini. Usiiwashe. Jaza evie maji, kisha toa kizibo. Ngojea nusu saa, fungua mashini. Kama maji yameingia, yanatoka kwenye evie. Kama pamebaki pakavu, lakini maji yanabaki kila mashini ikimaliza kazi, angalia filtre na pompu. Maji kidogo masafi chini ya filtre si ugonjwa; ni kawaida.

Dawa yake ni kupandisha tiyo. Kata umeme, funga robine, weka ndoo. Inua tiyo mpaka juu kabisa, chini ya meza ya evie, ifunge kwa kolye ukutani, kisha iteremke hadi kwenye sifo. Ile sehemu ya juu lazima ipite kimo cha pale tiyo inapoungwa. Hapo maji ya evie hayawezi kupanda kilima hicho kwa urahisi. Usikunje tiyo kwa nguvu, maana ikibanwa pompu itachoka. Angalia pia kitabu cha mashini: kinasema kimo cha mwisho ambacho pompu inaweza.

Kisha toa filtre, isugue kwa sabuni na maji ya moto, pangusa mipira ya mulango, washa mashini tupu kwa maji ya moto. Tiyo ya juu inazuia maji kurudi, lakini haiondoi mafuta ya zamani. Ukitumia siki, usichanganye na javeli: inatoa hewa ya sumu.

Jambo moja tena. Hapa kwetu kuchimba fosi katika mawe ya lava ni kazi ngumu. Fosi ikijaa, ama tiyo kubwa ikiziba, maji yatapanda mpaka yapite hata kilima chetu. Kwa hiyo evie ikikawia kushuka, muzibue kwanza ile njia, njo mupandishe tiyo.

Rudieni jaribio la evie baada ya kazi. Chini pakiwa pakavu, mwoneshe patroni.